Siku 28 kwa Mkupuo au kwa Vipande: Namna ya Kuamua Likizo ya Mwaka na Kuitetea kwa Barua

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wawakilishi wa wafanyakazi mahali pa kazi, Morogoro



Kila mwaka ratiba ya likizo ikishabandikwa ubaoni, malalamiko yanayofika kwa mwakilishi wa wafanyakazi huwa ya aina mbili. Mmoja anataka siku zake zote 28 kwa mkupuo, na mkuu wake anamwambia achukue wiki moja moja ili kazi zisilale. Mwingine anataka kuzigawa, na ofisi inamjibu kwamba utaratibu ni mwezi mzima. Wote wawili wanaeleza shida zao vizuri sana kwa mdomo. Ukiwaomba barua waliyoandika, unapewa karatasi yenye mistari miwili: naomba likizo kuanzia tarehe fulani, natanguliza shukrani.

Barua ya namna hiyo haimpi mkuu wa idara kitu cha kufikiria. Inamwachia kazi yote ya hesabu, na mtu mwenye shughuli nyingi akiachiwa hesabu ya mwenzake hujibu kwa linalomrahisishia yeye. Leo nitaeleza hesabu yenyewe inafanywaje, kisha tuiandike barua pamoja. Ninazungumzia sekta binafsi ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, na watumishi wa umma wana kanuni zao za kudumu, ambazo nitazigusa sehemu moja tu.

Nani anayeomba kugawa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 31 kwa namba zake za awali, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi likizo ya angalau siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa likizo. Mzunguko huo ni miezi 12 ya kazi. Siku zinazohesabiwa ni za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na sikukuu ya kitaifa ikiangukia ndani ya likizo inahesabiwa kuwa sehemu yake.

Neno la kulishika hapo ni mfululizo. Sheria imeanza na likizo nzima. Halafu kifungu hicho hicho kinasema siku hizo zinaweza kupunguzwa kwa siku ambazo mfanyakazi mwenyewe aliomba, akapewa na kulipwa, ndani ya mzunguko ule. Ninavyokisoma mimi, kipande kinatokana na ombi la mfanyakazi. Mkuu wa idara anayemwambia mtu "chukua siku 5 sasa, nyingine tutaona" anageuza mpangilio huo, kwa sababu anayetakiwa kuomba kukatiwa ni mwenye likizo.

Wenzetu wa Kenya wanaingilia mlango mwingine. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi 21, na mwajiri anaweza kuzigawa mfanyakazi akiridhia. Hata hivyo, kama hakuna makubaliano mengine, kipande kimojawapo lazima kiwe cha wiki mbili za kazi zisizokatizwa. Mkataba Namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, una wazo hilo hilo la wiki mbili. Nimeutaja kwa sababu kiwango hicho kitatufaa baadaye, mtu anapotafuta maelewano na ofisi.

Kwa upande wa tarehe, sheria yetu imempa mwajiri nafasi kubwa. Yeye ndiye anayepanga likizo ichukuliwe lini, ila isivuke miezi 6 baada ya mzunguko kuisha. Anaweza kwenda hadi miezi 12 ikiwa mambo mawili yapo kwa pamoja: mfanyakazi amekubali, na mahitaji ya uendeshaji yanalazimu. Kwa hiyo anayetaka siku 28 za mfululizo ana nguvu ya sheria kwenye urefu, lakini kwenye tarehe anahitaji hoja. Anayetaka vipande anahitaji hoja kwenye vyote viwili. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua barua yako itumie nguvu wapi, na watu wengi huikosa: wanatetea kwa kirefu haki ambayo hakuna aliyeikataa, na tarehe zinazobishaniwa wanaziandika tu bila kuzisemea.

Hesabu ya kingo

Fundi cherehani anajua kwamba kitambaa kikikatwa vipande vinne, kila kipande kinataka pindo lake, na pindo linakula kitambaa. Likizo nayo ina pindo kila upande. Mwanzoni kuna makabidhiano na safari ya kwenda. Mwishoni kuna safari ya kurudi na siku za kupitia yaliyolimbikizana. Gharama hizo hazipungui kwa sababu likizo ni fupi. Basi la kwenda Bukoba halipungui urefu wa safari kwa abiria mwenye likizo ya wiki moja.

Tuchukue mfano wa mhasibu mwanamke anayefanya kazi Dar es Salaam, kwao ni kijiji cha mkoa wa Kagera. Njia ni zaidi ya kilomita 1,300. Anapanda basi alfajiri, anafika siku ya pili, bado hajaunganisha gari la kijijini. Tumhesabie siku 2 za kwenda na 2 za kurudi. Akichukua siku 28 kwa mkupuo, nyumbani anakaa 24. Akizigawa mara mbili na kwenda kwao mara zote mbili, anabaki na 20, na nauli ni mara mbili. Akizikata mara nne kwa wiki moja moja, anabaki na siku 12 na analipa nauli mara nne. Zaidi ya nusu ya likizo yake imeishia barabarani. Kwa mtumishi wa umma kuna nyongeza: nauli ya likizo hulipwa na mwajiri mara moja kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo katika mwaka wa nauli safari ya pili ni ya mfukoni.

Kwa mtu ambaye kwao ni Kibaha na anafanya kazi Dar es Salaam, hesabu hii inageuka kabisa. Pindo lake ni la saa chache, na vipande havimpotezei kitu. Ndiyo maana siwezi kumwambia mshiriki yeyote kwamba njia moja ni bora kwa wote. Kabla hujanyanyua kalamu, jiulize utasafiri mara ngapi, na kila safari inakula siku ngapi.

Kuna pindo lingine lisiloonekana kwenye kalenda, nalo ni la ofisini. Mtu akiondoka siku 28, ofisi inalazimika kumteua kaimu. Kunakuwa na makabidhiano ya maandishi, funguo zinatoka mkononi, na mwenzake anakaa kwenye kiti. Akiondoka siku 3, hakuna anayekaimu. Faili linamsubiri mezani, simu inamfuata alipo, na akirudi anafanya kazi ya siku 3 juu ya kazi ya siku hiyo. Mkuu wa idara anaona likizo fupi haikuigharimu ofisi chochote. Gharama ipo, ila imehamia kwa mfanyakazi. Ukitaka kujua kama likizo fupi za ofisini kwenu ni likizo kweli, tazama kama kuna hata karatasi moja ya makabidhiano. Kama hakuna, watu wenu wanafanya kazi wakiwa mbali na ofisi, ilhali msingi wa sheria ni kwamba aliye likizo hafanyishwi kazi bila ridhaa yake.

Watafiti watatu wa Uholanzi, Jessica de Bloom, Sabine Geurts na Michiel Kompier, walichapisha mwaka 2013 utafiti wao juu ya wafanyakazi 54 waliokwenda likizo ya wastani wa siku 23. Hali ya mwili na nafsi ilipanda taratibu na kufika kilele kama siku ya 8. Waliporudi kazini, nafuu ile iliisha ndani ya wiki ya kwanza. Kila upande unaweza kuuchukua utafiti huo kama silaha: wa vipande atasema nafuu haikai, hivyo ni heri kupumzika mara nyingi, wa mkupuo atasema kilele hakifikiwi kwa likizo ya siku 4. Mimi naona unatupa kipimo cha chini. Kama lengo ni kupumzika, kipande cha chini ya wiki moja na ushee hakifiki mahali mwili unapotulia. Vipande vya siku 2 au 3 vina kazi yake, kama kufuatilia hati ya kiwanja au kumpeleka mtoto shule ya bweni, na tuviite hivyo.

Hofu ya kubaki bila siku

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kugawa ni hii: mwaka ni mrefu, na mtu akizimaliza siku zote Aprili, Septemba likimfika la kumfika atafanyaje? Wengi wanalimbikiza siku kwa ajili ya misiba. Hapa lazima tuwaeleze wenzetu kile ambacho sheria imekwisha kutoa. Mbali na likizo ya mwaka, kuna angalau siku 4 zenye malipo kwa mzunguko, ambao kwa likizo hii ni wa miezi 36, kwa kuugua au kufiwa na mtoto, au kufiwa na mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Likizo ya ugonjwa inasimama peke yake, na mwajiri haruhusiwi kuikata likizo ya mwaka badala ya hizo.

Kwenye orodha hiyo hamna baba mdogo, shangazi wala wakwe, na kwa maisha yetu hao ndio misiba mingi zaidi. Kwa hiyo akiba ina maana, ila ipimwe kwa hicho kilichobaki nje ya sheria. Wiki moja mara nyingi inatosha. Mtu anayeweka siku 15 "za dharura" hadi mzunguko unakwisha, kisha anajikuta ofisi imembana asiende kabisa, amejilinda dhidi ya jambo ambalo sheria ilikwisha kumlindia.

Kalenda ya mhasibu wetu

Turudi kwa mhasibu wa Dar es Salaam. Aliajiriwa tarehe 1 Machi miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo mzunguko wake wa karibuni umeisha tarehe 28 Februari 2026, na siku zake lazima ziwe zimechukuliwa kufikia tarehe 31 Agosti 2026. Baba yake amefariki, na ukoo umepanga kukamilisha shauri la mirathi na kugawa shamba. Mambo ya mirathi hayana ratiba ya mwenye likizo: mahakama inatoa tarehe yake, mashahidi wanatoka vijiji tofauti, kikao cha ukoo kinaahirishwa kwa siku 3. Akienda kwa wiki moja atarudi Dar es Salaam kabla jambo halijaisha. Sababu hii inadai mfululizo, na inaelezeka kwa sentensi mbili.

Ofisi nayo ina kalenda yake. Mwaka wa hesabu wa kampuni unaishia Desemba. Awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio ni tarehe 31 Machi, ya pili ni tarehe 30 Juni, na tarehe hiyo hiyo ya 30 Juni ndiyo ya mwisho kuwasilisha ritani ya mwaka. Kila mwezi kuna kodi inayokatwa kwenye mishahara, inayopelekwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani kufikia tarehe 20. Mishahara inaandaliwa wiki ya mwisho. Likizo yoyote ya siku 28 itavuka mishahara mara moja, na karibu kila mara tarehe 20 pia. Swali ni mwezi upi una mizigo michache.

Juni hapana, akiondoka tarehe 8 Juni anaikimbia ritani ya mwaka. Aprili inafaa. Mwaka 2026 Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na Sikukuu ya Karume Jumanne tarehe 7. Kodi ya mishahara ya Machi ataiwasilisha Alhamisi tarehe 2, kabla ofisi hazijafungwa. Kisha likizo ianze Jumatano tarehe 8, na siku 28 zinaishia Jumanne tarehe 5 Mei. Anarudi kazini Jumatano tarehe 6, akiwa na siku mbili za kuikamilisha kodi ya mishahara ya Aprili.

Tazameni tarehe ya kuanzia. Angeandika likizo ianze Ijumaa Kuu, siku 5 za mapumziko ambazo kila mtu anapewa zingeingia ndani ya zile 28, kwa sababu sikukuu iliyo ndani ya likizo inahesabiwa. Akianza tarehe 8, siku zile 5 zinabaki nje na anakuwa mbali na ofisi siku 33. Ndani ya likizo yake bado zimo Sikukuu ya Muungano, iliyoangukia Jumapili, na Mei Mosi. Hizo hazikwepeki.

Sasa ajiandalie na njia ya pili, kwa kuwa mkuu wake atauliza habari ya mishahara ya Aprili. Siku 21 kuanzia tarehe 8 zinaishia Jumanne tarehe 28 Aprili. Atarudi Jumatano tarehe 29 na kukuta mishahara inamsubiri. Siku 7 zinazobaki aziweke Jumatatu tarehe 10 hadi Jumapili tarehe 16 Agosti, baada ya tarehe 7 na kabla ya tarehe 20, na wiki hiyo atakaa Dar es Salaam bila safari. Asikubali kirahisi zisogezwe hadi Novemba. Zitakuwa zimevuka tarehe 31 Agosti, na kuvuka huko kunahitaji ridhaa yake pamoja na sababu za uendeshaji. Akisaini bila kusoma atakuwa ameshatoa ridhaa.

Mtaona nimeandika kipande cha Agosti kwa wiki kamili, hadi Jumapili. Ni kwa makusudi. Siku 28 za kalenda zina siku za kazi 20 tu kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Anayechukua vipande vya Jumatatu hadi Ijumaa na kuhesabiwa 5 kila kimoja angeweza kupata wiki 5 na siku 3 kutoka kwenye zile zile 28. Maofisa rasilimaliwatu wanalijua hilo, na hapo ndipo wengine wanapokataa vipande moja kwa moja, na wengine wanapomhesabia mtu Jumamosi na Jumapili hata alipoomba Ijumaa na Jumatatu tu. Ukiomba kwa wiki kamili, shaka hiyo inaondoka kabla haijazuka. Ukitaka hesabu ya siku za kazi, kubalianeni kwa maandishi kabla ya kipande cha kwanza, maana baada ya cha tatu kila upande utakuwa na hesabu yake.

Barua yenyewe

Hii hapa barua ya mhasibu wetu, au dokezo kama ofisi yenu inatumia madokezo. Ipelekwe mapema, tuseme mwishoni mwa Februari.

Mkurugenzi Mtendaji,
K.K. Mkuu wa Idara ya Fedha.

YAH: MAOMBI YA LIKIZO YA MWAKA, SIKU 28 MFULULIZO, TAREHE 8 APRILI HADI 5 MEI 2026

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba likizo yangu ya mzunguko unaoishia tarehe 28 Februari 2026, kwa siku 28 mfululizo. Nitarejea kazini Jumatano tarehe 6 Mei 2026.

Naomba siku hizi kwa mkupuo kwa sababu familia yetu inakamilisha shauri la mirathi ya marehemu baba yangu mkoani Kagera. Tarehe za mahakama na za kikao cha ukoo hazipangwi nami, na safari ya kwenda na kurudi inachukua siku 4.

Nimechagua Aprili kwa kuwa awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio itakuwa imekwisha kulipwa, na ritani ya mwaka bado haijafika. Kodi ya mishahara ya Machi nitaiwasilisha tarehe 2 Aprili. Katika kipindi changu cha likizo yatabaki mambo mawili: ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya tarehe 20 Aprili, na mishahara ya Aprili. Napendekeza mhasibu msaidizi akaimu. Ataandaa mishahara ya Machi pamoja nami ili ya Aprili aiandae mwenyewe, na makabidhiano ya maandishi tutayafanya tarehe 1 Aprili mbele ya Mkuu wa Idara.

Endapo mishahara ya Aprili italazimu niwepo, naomba siku 21 mfululizo, tarehe 8 hadi 28 Aprili, na siku 7 zilizobaki, tarehe 10 hadi 16 Agosti 2026.

Naomba pia malipo ya kipindi cha likizo yafanyike kabla sijaondoka, kama sheria inavyoelekeza, na nipatiwe jibu kwa maandishi kufikia tarehe 13 Machi ili niweze kukata tiketi.

Naomba kuwasilisha.

Barua hiyo haina neno nimechoka. Uchovu ni wa kweli, lakini mkuu wa idara naye amechoka, na akisoma hivyo analinganisha. Haina pia sentensi ya kwamba fulani alipewa mwezi mzima mwaka jana; hoja hiyo inamgeuza mwenzako kuwa kesi. Sababu ya binafsi imechukua aya moja, tena ile inayojibu swali la kwa nini mfululizo. Angeandika "mambo ya kifamilia" peke yake, mkuu angekuwa na haki ya kuuliza kwa nini mambo hayo yasifanyike kwa wiki moja moja.

Aya ya tatu ndiyo inayobeba barua. Inamwonyesha mkuu tarehe zake mwenyewe, zile anazozihofia, pamoja na jina la cheo cha atakayezishika. Jambo gumu, mishahara ya Aprili, limetajwa wazi. Lingefichwa, mkuu angeligundua baada ya dakika mbili na kuanza kutilia shaka yaliyobaki.

Njia ya pili ina hatari yake. Wapo wanaoniambia kwamba ukiiandika umeshajipunguzia, mkuu ataikimbilia. Mara nyingi ataikimbilia kweli. Hata hivyo usipoitaja ataitunga yeye, na ya kwake huenda ikawa wiki nne kwa miezi minne. Kanuni ninayowapa wenzangu ni kwamba njia ya pili iwe ile ambayo unaweza kuishi nayo, kipande kikubwa kisishuke chini ya wiki mbili, na tarehe za kipande kidogo ziandikwe. Siku zinazobaki bila tarehe ni siku ambazo hazitachukuliwa.

Kwa mhasibu kuna hoja moja zaidi, ambayo inafaa kusemwa ana kwa ana kuliko kuandikwa. Likizo ndefu ya mtu anayeshika fedha ni ukaguzi. Msimamizi wa bima ya amana za benki Marekani, FDIC, anazishauri benki wafanyakazi wao wawe mbali na kazi kwa wiki mbili mfululizo kila mwaka, kwa kuwa udanganyifu mwingi unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika. Jérôme Kerviel, aliyeisababishia benki ya Société Générale hasara ya euro bilioni 4.9 iliyotangazwa Januari 2008, alikuwa amechukua siku 4 tu za likizo mwaka uliotangulia. Mkuu wa fedha anayeng'ang'ania mhasibu wake asiondoke zaidi ya wiki moja anajinyima nafasi ya kuona vitabu vikiwa mikononi mwa mtu mwingine hadi mwezi ufungwe.

Jibu likija, na lisipokuja

Likija jibu la "imekubaliwa" kwa mdomo, mrudishie kwa maandishi siku hiyo hiyo: kama tulivyozungumza, likizo yangu ni tarehe 8 Aprili hadi 5 Mei. Likija la kukataa tarehe, angalia limetoa tarehe nyingine. Mwajiri anayo nafasi ya kuchagua lini, ila kukataa bila kutaja lini kunaisogeza likizo kuelekea tarehe 31 Agosti, na siku hiyo ikipita akiwa hajatoa likizo wala hujaridhia isogezwe, yeye ndiye aliyekiuka. Muulize hivyo, kwa upole, na umtajie tarehe.

Lisipokuja jibu lolote, kitakachokusaidia ni nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe. Baada ya wiki mbili andika ya kukumbushia, ukitaja ya kwanza. Mwakilishi aingie hapo, aombe kikao na ofisa rasilimaliwatu akiwa na barua zote mbili na kalenda. Mengi yanaishia kwenye kikao hicho. Lisipoisha, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba CMA F.1, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka, na siku hizo 60 ni vyema mwakilishi aanze kuzihesabu yeye mwenyewe tangu siku mwajiri alipokataa, bila kungoja mwenye likizo aje kuuliza.